Herufi Nne za Baba Mdogo

Ofisini walimwita Bibi Herufi, na jina hilo alilipenda kuliko alivyokiri. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akikata tiketi za ndege katika chumba chenye meza tatu na feni moja ya kelele, na hakuna msafiri aliyewahi kurudishwa kwa kosa la mkono wake. Zamani aliandika kila jina herufi kwa herufi huku akilitamka. Siku hizi kulikuwa na kimashine: unapitisha pasipoti, jina linajiandika lenyewe. Alikizoea upesi, kama tunavyozoea kila kinachotupunguzia kazi.

Baba yake mdogo, fundi cherehani mstaafu, alikuja na pasipoti mpya ndani ya mfuko wa nailoni. Binti yake wa pekee alikuwa akisubiri kupasuliwa moyo ng'ambo, naye mzee alitaka amshike mkono kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Fomu ya viza alikuwa ameijaza mwenyewe, taratibu, akinakili majina yake yote manne kutoka ukurasa wenye picha, na viza ilishatoka. Bibi Herufi alipitisha pasipoti, akakata tiketi, akamsindikiza hadi mlangoni.

Siku ya safari simu iliita ofisi ikiwa imejaa wateja. Aliiweka kwenye spika, mikono ina kazi.

"Mwanangu, dada wa hapa kaunta anasema tiketi na viza haviongei lugha moja. Kwenye tiketi jina langu la mwisho limeishia katikati."

"Baba mdogo, uliandika nini kwenye fomu ya viza? Mashine haikosei. Mwombe radhi huyo dada, mwambie ulijaza vibaya."

"Haya, mwanangu." Simu ilibaki wazi, na ofisi nzima ikamsikia akisema, "Samahani sana, mama. Nimekosea jina langu."

Mteja mmoja alicheka. Bibi Herufi naye alitabasamu, Mungu amsamehe.

Dada wa kaunta akaichukua simu. Kwa upole alisema radhi haibadilishi kitu: mfumo umekataa, na ofisi iliyotoa tiketi ndiyo yenye kuirekebisha. Basi Bibi Herufi akatoa nakala ya pasipoti kwenye faili, akiwa na hakika ya kumkuta mzee na kosa lake. Ukurasani, chini ya picha, majina manne yalikuwa kamili, sawasawa na viza. Chini kabisa ilikuwepo ile mistari miwili inayosomwa na mashine, na huo wa juu una nafasi thelathini na tisa tu za jina, si moja zaidi. Jina la ukoo, ambalo hapo hutangulia, lilikula kumi na mbili, vijishale vya kulitenga (<<) viwili, kisha jina la kwanza, kijishale, la pili, kijishale. La mwisho lina herufi kumi. Lilibakiwa na nafasi sita. Nne zikakatwa.

Na dalili ilikuwa pale pale, aliyowafundisha wanagenzi wote waliopita hapo: jina likitosha, mstari humalizikia kwa vijishale vya kujazia. Huu ulijaa herufi hadi ukingoni. Mstari wa namna hii hupaswi kuuamini, unapanda juu kusoma jina zima. Yeye hakupanda.

Aliona aibu ikimpanda shingoni mpaka masikioni. Akarekebisha tiketi akiwa ameiinamia kibodi ili asionwe, lakini kaunta ilishafungwa, na ndege iliyofuata ilikuwa ya kesho yake. Binti alipasuliwa baba yake akiwa angani. Alipona, lakini muuguzi alisimulia kwamba alimwulizia baba yake mpaka dawa ya usingizi ilipomchukua.

Hapo angesema ukweli. Badala yake, shangazi zake walipouliza kulikoni, Bibi Herufi aliwaambia mzee alichanganya fomu. Ukoo ukapata utani. "Huyu hajui hata anaitwa nani," walisema, naye alicheka pamoja nao. Heri ya kuvuliwa nguo sokoni, maana huko angalau kila mtu anaona.

Miezi miwili baadaye mzee alirudi. Alikuja ofisini na daftari la mazoezi, akaketi kiti cha wateja, akavaa miwani. Kurasa mbili zilijaa jina lake, mahali limekamilika, mahali amelikata, mahali ameliruka kabisa jina la baba yake.

"Mwanangu," alisema, "nionyeshe lipi ndilo. Mwakani nataka kwenda tena kumwona, nisije nikakuaibisha mbele ya wateja wako."

Wateja walikuwepo, na wanagenzi pia. Bibi Herufi alisimama, akazima feni ili wote wasikie.