Nuni ya Wanawake Haidondoki

Mama alikuwa na tabia ya kulikata neno. Akisoma Kiarabu, kila baada ya maneno machache alisimama, akavuta pumzi, na herufi ya mwisho akaituliza kwa sukuni, bila irabu, taratibu, kama mtu anayetua sufuria chini mtoto asiamke. Ndivyo alivyofundishwa Tunduru akiwa msichana, na ndivyo alivyowafundisha wanawake wa mtaa wetu wa Mfaranyaki katika chumba cha nyuma cha msikiti, baada ya sala ya alasiri. Wengi wao walikuwa wachuuzi wa sokoni, wenye pumzi fupi na kazi nyingi. Mama aliwaambia kwamba pumzi ikiisha si kosa kusimama, kosa ni kusimama ovyo.

Darasa lile alilianzisha baba. Baba alipofariki, mama alikaa eda yake mpaka ikaisha, kisha akaenda msikitini, akaokota chaki na kuanza pale baba alipoishia. Hakuna aliyemwuliza kapewa na nani.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka seminari ya Kiislamu ya huko pwani. Nimemaliza kidato cha nne, nina nahau kichwani, yaani sarufi ya Kiarabu, na nyodo zisizo na kazi. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Maduka yalikuwa yamefunguka, sweta za mitumba zilijaa sokoni na baridi ya Songea ikapungua makali, na mtu akipata wafadhili aliweza kujenga shule. Msikitini kwetu nako kamati ikawa mpya, nayo ikatangaza kwamba walimu wote watafanya mtihani wa maandishi wa nahau ya Kiarabu.

Mwenyekiti wa kamati alikuja nyumbani mwenyewe kumwambia mama. Alikuwa kijana mpole, akasema shikamoo mara mbili kwa wasiwasi.

"Mama mwalimu, hakuna anayekufukuza," alisema. "Ila siku hizi mambo yanataka karatasi. Ukifaulu, darasa ni lako. Usipofaulu, si halitoki humu ndani? Binti yako huyu kasoma, atalichukua yeye. Wewe utapumzika."

"Nani kakwambia nimechoka?" mama akamwuliza.

Kijana wa watu alikunywa chai yake haraka, akaaga. Mimi nilijifanya nachochea mkaa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nalitamani lile darasa. Nilikuwa nimekaa nyumbani muda mrefu nikisubiri kazi ambayo haikuja, na usiku nilijiona nimesimama mbele ya wale wanawake nikiandika ubaoni. Wakati huohuo nilijua mama amebakiwa na nini. Alibakiwa na mimi, na jiko, na wale wanawake.

Aliliona hilo usoni mwangu au hakuliona, sijui. Alichosema ni, "Nifundishe hicho wanachokitaka."

Basi tukaanza, kwenye baraza ya nyuma, yeye akipepeta mchele na mimi na kipande cha ubao magotini. Nilijua mtihani utakavyokuwa kwa sababu mitihani ya aina hiyo niliifanya mpaka nikaichoka: sentensi yenye nafasi wazi, na kitenzi kwenye mabano, wewe ukijaze kikiwa na irabu yake ya mwisho. Nikamwandikia tatu. *Uridu an … ila-s-suqi*, nataka niende sokoni. *Lan … ila-s-suqi*, sitakwenda sokoni katu. *Lam … ila-s-suqi*, sikwenda sokoni. Kitenzi kwenye mabano kilikuwa *adhhabu*, nakwenda.

Mama alijaza zote tatu *adhhab*, kwa sukuni.

"Moja umepata," nikamwambia. "Baada ya *lam* ni sukuni, sawa. Lakini baada ya *an* na baada ya *lan* ni fatha, ile irabu *a*. *An adhhaba. Lan adhhaba.*"

"Nikifika hapo nasimama," akasema. "Nikisimama, fatha inaondoka. Hata dhuma inaondoka. Hukufundishwa hilo huko pwani?"

Na hapo ndipo palipokuwa na taabu, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Msomaji akisimama juu ya neno, *adhhabu* yenye dhuma na *adhhaba* yenye fatha na *adhhab* yenye sukuni yote humalizikia mahali pamoja. Mwanafunzi aliyeanzia kwenye kitabu cha nahau asingeweza kulikosa swali lile kwa namna ile. Alilikosa mama kwa sababu maisha yake yote alikuwa amesoma kwa masikio, na masikio yake yalizijua irabu za mwisho kama vitu vya kutuliza. Nikamweleza kwamba kwenye karatasi hakuna anayesimama. Akasema mtu asiyesimama atakufa. Nikampandishia sauti, naye akanipandishia, jirani yetu Mkatoliki akachungulia juu ya ua kuuliza kama kuna nyoka.

Mambo yalikaa hivyo siku kadhaa. Kila nikimpa sentensi anarudisha sukuni. Mimi sina subira, sijawahi kuwa nayo, na kuna jioni niliuacha ubao nikaenda kujilaza. Nilimsikia akiwa peke yake barazani, anasoma zile nafasi wazi kwa sauti ya chini, anakata, anarudia. Roho iliniuma sana. Nilimpenda kuliko nilivyojua namna ya kumwonyesha.

Kilichotukwamua ni Kiswahili chetu wenyewe. Alikuwa anamlalamikia mmoja wa wanafunzi wake, akasema, "Nataka asome, yeye anataka alale."

"Rudia hapo, mama."

"Anataka alale."

"Kwa nini husemi anataka analala?"

Akaniangalia kama nimeugua. "Nani anasema hivyo?"

"Basi Waarabu nao hawasemi. Neno likiongozwa na kutaka, mwisho wake unageuka. Sisi *a* yetu inakuwa *e*. Wao *u* yao inakuwa *a*. Na ukikanusha jambo lililopita, kwa *lam*, ndipo inapotua kwenye sukuni."

Aliacha kupepeta. Alikaa na ungo wake mapajani, midomo inacheza bila sauti. Kisha akasema, polepole, bila kusimama mahali popote, "*Uridu an adhhaba ila-s-suqi*." Fatha ilitoka wazi. Akacheka mpaka mchele ukamwagika.

Toka siku hiyo hakushikika. Nilipomfundisha vitenzi vya watu wengi, akaona kwamba ile nuni, herufi *n*, ya mwisho ya *yadhhabuna*, wanakwenda, hudondoka baada ya yote matatu, *an* na *lan* na *lam*, ikabaki *yadhhabu* tu. Hiyo aliipenda kwa wepesi wake. Halafu nikamwambia kwamba wakiwa wanawake peke yao kitenzi ni *yadhhabna*, na nuni hiyo haidondoki. Iwe *lan yadhhabna*, iwe *lam yadhhabna*, ipo palepale.

"Ya wanaume inadondoka?"

"Inadondoka."

"Ya wanawake haidondoki?"

"Haidondoki."

"*Wanache!*" akaita, kama anawaita watoto wote wa mtaa kwa Kiyao chake, na kesho yake darasa zima lilikuwa na habari hiyo. Wale wanawake walitaniana nayo sokoni wiki nzima. Ila kulikuwa na hasara pia. Mama sasa alikuwa amenogewa na irabu za mwisho, akakataza watu kusimama kabisa, na muuza nyanya mmoja akasoma bila kupumua mpaka akakohoa machozi. Ikabidi nimwombe mama arudishe vituo vyake kwenye kisomo, na nahau aiachie karatasi.

Mtihani ulifanyika katika darasa la watoto. Mama alivaa kanga zake mpya na sweta yangu, akakaa kwenye dawati lililombana magoti. Mimi nilisubiri nje. Sikujua niombe dua gani. Nikisema afaulu, najinyima. Nikisema ashindwe, ulimi hauwezi hata kulianza neno hilo. Mwishowe nilisema tu, Mwenyezi Mungu mpe pumzi.

Matokeo mwenyekiti aliyaleta darasani, mbele ya wanawake wote, nami nilikuwepo nyuma kabisa karibu na viatu. Alisema mama mwalimu amekosa hapa na pale, lakini zile za kujaza nafasi kazijaza vizuri, na amefaulu. Wanawake wakapiga vigelegele ndani ya msikiti, mpaka mwenyekiti akaziba uso. Mimi nilipiga pia. Nilifurahi kweli, na ndani ya furaha hiyo kulikuwa na kitu kilichofungwa, nikakiacha.

Mama alingoja patulie. "Kwa hiyo darasa ni langu?" akamwuliza mwenyekiti.

"Ni lako, mama."

"Hakuna wa kulisema tena?"

"Hakuna."

Akanigeukia. "Mwanangu, njoo huku."

Nilipita katikati ya wanawake. Akaushika mkono wangu na kuweka chaki humo. Nikamwambia mama, umefaulu, hukusikia? Nikamwambia sitaki. Alinitazama kwa yale macho ambayo hayakuwahi kudanganywa na mkaa wala na kitu kingine.

"Unalitaka," akasema. "Unalitaka tangu siku ile. Lakini ningeshindwa, wangekupa wao, na ungelishika kama kitu walichompora mama yako. Mimi nilipewa na baba yako akiwa kitandani anaumwa, sikupewa na kamati. Na wewe utapewa na mimi."

Hilo sikuwahi kulijua. Miaka yote nilidhani aliliokota tu. Baba alikuwa amemwambia kitu chumbani mwao kabla hajafa, naye akakaa nacho eda nzima, na baada ya hapo akakaa nacho mpaka siku ile.

Akaenda kukaa mkekani, kati ya muuza nyanya na mwanamke mwingine mwenye mtoto mgongoni. Alijipangia kanga magotini kama mwanafunzi mgeni. Wote wakaniangalia. Nilikuwa nimeota mara nyingi nimesimama pale.

Nikageukia ubao, nikaandika sentensi ya kwanza iliyonijia, ya aina ile inayopatikana katika kila zoezi: *Al-ummahatu lan … awladahunna*. Akina mama hawatawaacha katu watoto wao. Kitenzi nikakiweka kwenye mabano, *yatrukna*. Nilikuwa nataka tu kitu chepesi, kile wanachokipenda, cha nuni isiyodondoka. Nilipomaliza kuandika ndipo nilipoona nimeandika nini.

"Nani atakuja kujaza?" nikauliza.

Mama akainuka, kwa kushikilia bega la muuza nyanya, akaja akaichukua chaki mkononi mwangu. Aliandika kwa utaratibu wake, akaiacha nuni mahali pake, akaiwekea fatha yake juu. Kisha akaisoma sentensi yote toka mwanzo hadi mwisho bila kukata hata neno moja, na pumzi ikamtosha.

Akanirudishia chaki, akaenda kukaa.