Kumpelekea Wangari Barua Longonot

Kila mwaka, mwezi wa Agosti, mimi husafiri kutoka Nakuru hadi Longonot kumpelekea mke wangu Wangari barua ya siku yake ya kuzaliwa. Wangari ni marehemu. Nalisema hili mapema kwa sababu majirani zangu wa mtaa wa Bondeni wakilisikia nusu hunionea wivu, na wakilisikia lote hunionea huruma, na mimi sihitaji moja wala jingine.

Safari ninayoisimulia hapa ilikuwa na jambo la ziada. Nilikuwa nimemposa Mama Raheli, mjane anayeuza chai na mandazi karibu na stesheni ya reli, ninakofanya kazi ya ukarani wa mizigo. Hakunikatalia, wala hakunikubalia. Alisema, "Karani, siwezi kuolewa na mtu anayeandikia mwanamke mwingine kabla sijamwona huyo mwanamke. Nitakwenda nawe. Nikirudi nitakupa jibu."

"Lakini Wangari yuko kaburini."

"Basi hatanikimbia."

Kabla hatujaondoka, nieleze barua yenyewe huandikwaje, maana wengi huniuliza, na huenda mmoja wenu akaihitaji siku moja. Si kazi ngumu. Wangari hakuzaliwa na tarehe. Siku ya kubatizwa, katekista aliwapa wasichana saba tarehe moja, kwa kuwa wino ulikuwa unaisha na hakutaka mabishano. Wenzake sita waliisahau. Wangari aliipenda. Nilipopata kazi Nakuru naye akabaki kwao Longonot, niliona Wazungu wakipokea kadi za kupongezwa kwa kuzeeka, nikaona mke wangu naye asipungukiwe. Nikaanza kumwandikia kila siku hiyo ilipofika. Alipofariki sikuona sababu ya kuacha. Tarehe haikufa.

Shida ya kwanza ni salamu. Sote tulifundishwa kuandika, "Mimi ni mzima, hofu ni kwako tu." Kwa marehemu hilo halifai, hofu juu yake imekwisha. Mimi huandika, "Mimi ni mzima kiasi," kisha naendelea. Habari za misiba siandiki, kwa sababu waliokufa anaonana nao mwenyewe. Naandika bei ya sukari, nani ameoa, nani amefungwa, paa linavuja wapi.

Shida ya pili ni kusoma. Wangari hakujua kusoma. Alipokuwa hai, barua zangu alisomewa na baba yake mdogo, Mzee Ezekieli, mzee wa kanisa. Kwa hiyo na sasa ni yeye anayezisoma, amesimama kando ya kaburi, nami nimevua kofia. Mwandishi hasomi barua yake mwenyewe. Akisoma mwenyewe, hiyo si barua tena, ni mtu anayejisemea, na wanaojisemea makaburini tunajua hupelekwa wapi.

Lazima pia mjue jinsi Mzee Ezekieli anavyosoma. Anasoma kama mtu anayechagua maharage. Jiwe analitupa. Zamani niliwahi kuandika, "Mwezi huu sitatuma pesa, nimenunua viatu." Wangari akanijibu kwa mkono wa Mzee huyo huyo: "Nimefurahi kusikia kwamba unaniota kila usiku." Sikuwa nimeota kitu. Tangu hapo niliandika mambo yalivyo, bila sukari, nikijua sukari itatiwa Longonot. Hata kwa safari hii, nilipomweleza Wangari kuhusu Mama Raheli, niliandika hivyo hivyo. Nilifunga bahasha nikalala vizuri.

Nakuru, asubuhi ya kuondoka. Kwanza ilikuwa pasi ya kusafiri, maana tangu serikali ya Wazungu itangaze hali ya hatari, mtu wa kabila letu hatoki mji mmoja kwenda mwingine bila karatasi yao. Karani wa ofisi ya pasi aliniuliza sababu ya safari.

"Kumpelekea mke wangu barua."

"Kwa nini usiiposti?"

"Ni marehemu."

Akaweka kalamu chini. "Mzee, marehemu ana haraka gani? Ngoja hali ya hatari iishe."

"Ni siku yake ya kuzaliwa."

Akamwita mwenzake aje asikie. Mwenzake akaita wa tatu. Walipomaliza kucheka, waliandika "Ziara ya jamaa," wakagonga muhuri. Mama Raheli naye alipoulizwa sababu yake alijibu, "Nakwenda kumkagua mke mwenzangu." Wakacheka upya, wakamgongea haraka kuliko mimi. Nimejifunza kwamba serikali haiogopi mtu anayechekesha.

Garimoshi liliondoka upepo ukiwa umekwisha kuinua vumbi jeupe la magadi kutoka ziwani. Tulikaa daraja la tatu, kwenye benchi la mbao. Mama Raheli alibeba kikapu cha mandazi na kitabu chake cha kusomea, kwa kuwa jioni alikuwa akihudhuria masomo ya watu wazima kanisani. Alisoma kila kitu tulichokipita. Alisoma jina la stesheni ya Elmenteita, akasoma onyo la kutotema mate, akasoma gunia la mbegu la abiria mwenzetu mpaka yule bwana akaligeuza.

"Mama, hilo ni gunia tu," alisema.

"Limeandikwa. Kilichoandikwa kinasomwa."

Niliona jambo hilo linapendeza. Mungu anisamehe upumbavu wangu.

Gilgil, baridi. Askari walipanda wakatazama pasi za watu mmoja mmoja. Kijana mmoja alishushwa, na garimoshi likaondoka bila yeye, mfuko wake ukiwa bado juu ya rafu. Hakuna aliyesema neno mpaka Naivasha. Hapo abiria mmoja akaukabidhi kwa mtu wa stesheni, tukaanza tena kuzungumza, kwa sauti ya chini.

Longonot, mchana. Stesheni ni ndogo, mlima umesimama nyuma yake kama mtu aliyekuja kupokea mgeni akasahau jina lake. Tulitembea kwa miguu hadi kanisani, vumbi likitufika kwenye vifundo. Mzee Ezekieli alitupokea mlangoni. Nilimtambulisha Mama Raheli kwa maneno mengi yasiyo na maana, kwa kuwa si rahisi kumletea baba mkwe mwanamke wa kuchukua nafasi ya mtoto wake. Mzee alimtazama, akasema, "Karibu, mama. Mkwe amekuja na wewe. Basi ameona aibu kuja peke yake. Hiyo ni hatua."

Tukanywa uji. Kisha akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Mkwe, mwaka huu sitasoma. Miwani yangu imekanyagwa na ndama."

Niliweka uji chini. "Basi tuiache barua. Nitarudi nayo mwakani."

"Mtoto asubiri mwaka mzima kwa sababu ya ndama?" Mzee alinikazia macho yake yasiyoona vizuri. "Mama, wewe unajua kusoma?"

"Ninajifunza," alisema Mama Raheli, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alionekana kuona haya.

"Hayuko tayari," nikasema. "Mwandiko wangu ni mbaya."

"Mwandiko wa karani?" akasema Mzee. "Mbaya? Twende."

Fikirini mtu anayepelekwa mahakamani akiwa amebeba ushahidi mfukoni mwake mwenyewe. Ndivyo nilivyotembea hadi makaburini. Kaburi la Wangari lina mawe pembeni na msalaba wa mbao, Mzee hulipalilia. Mama Raheli aliinama, akasema, "Hujambo, Wangari. Mimi ndiye nimekuja," kisha akaichukua bahasha mkononi mwangu, akaipasua, akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

Alisoma vizuri. Hilo ndilo lililoniua. Mtu anayejifunza kusoma haruki, hana haraka, hachagui maharage.

"Nime-pa-ta mwa-na-mke. Ana sauti kubwa. Akicheka, kuku wa jirani huruka uani." Akavuta pumzi. "Mandazi yake ni magumu, lakini chai ni nzuri. Si mzuri wa sura kama wewe, ila meno yote anayo."

Mzee Ezekieli alikohoa. Mimi niliusoma mlima wa Longonot kutoka juu hadi chini.

"Nime-mposa kwa sababu nimechoka kufua nguo, na kibanda chake kiko karibu na kazi."

"Mama," nikasema, "inatosha. Wangari ameelewa."

"Nyamaza, karani. Si wewe unayeandikiwa." Akageuza ukurasa. Kidole chake hakikuacha mstari. "Hapa pamekatwa."

"Palipokatwa hapasomwi!"

"Pamekatwa kwa mstari mmoja tu. Naona." Akaisogeza karatasi kwenye mwanga. "Jioni asipopita kunisalimu, si-wezi ku-la. Nakaa mlangoni kama mbwa. Ni-sa-mehe, Wangari, sikudhani jambo hili linaweza kumpata mtu mara mbili."

Nilikuwa nimeyakata maneno hayo kwa heshima ya marehemu. Niliona si adabu kumwambia mwanamke, siku yake ya kuzaliwa, kwamba unampenda mwingine. Matusi niliyaacha yalivyo, mapenzi nikayakata. Ndivyo wanaume wengi wanavyoandika, na ndiyo maana tunahitaji wasomaji kama Mzee Ezekieli.

Mama Raheli aliikunja barua, akaisukuma chini ya jiwe la kichwani, mahali zinapowekwa zote mpaka mvua izimalize. Kisha akasema na kaburi, si na mimi. "Wangari, umesikia. Mandazi yangu si magumu. Yeye huyanunua ya jana kwa sababu ni ya bei rahisi."

Mzee Ezekieli alicheka hadi akashika msalaba. "Mkwe," akasema akifuta macho, "barua hii ni ya kwanza ambayo mtoto wangu ameisikia yote. Huyu mama usimwachilie. Kwa upande wetu, hatuna neno."

Tulirudi na garimoshi la alasiri. Kutoka Naivasha hadi Gilgil Mama Raheli hakunitazama. Kutoka Gilgil hadi Elmenteita alikula mandazi yake polepole, akiyavunja kwa vidole viwili ili nione yalivyo laini. Sikuomba hata moja. Taa za Nakuru zilipoanza kuonekana, nilishindwa kuvumilia.

"Mama Raheli, ulisema ukirudi utanipa jibu."

"Jumapili uende kwa kaka yangu. Umpelekee mtu wa kukusemea, usijisemee mwenyewe; umeona yanayotokea." Akafunika kikapu. "Na barua ya mwakani nitaiandika mimi. Wangari amesikia upande mmoja tu. Utaisoma wewe, kwa sauti, Mzee akiwepo."

Nimewaeleza haya yote ili mjifunze bila gharama. Mwandikieni marehemu wenu, haidhuru. Karatasi ni rahisi na wao ni wasikivu. Ila andikeni mkijua kwamba msomaji mwaminifu anaweza kutokea. Mimi nimeoa mmoja. Sasa ni Julai, amenunua wino, na kila jioni ananiuliza, akiwa ameinamia meza, eti neno "mkoromaji" huandikwaje.