Kengele Mbili kwa Mama Mwalimu

Jumapili, mwezi wa tatu, 1962. Mvua ilianza wakati wa misa, ikapumzika kidogo saa za mchana, ikarudi. Barabara ya parokia ilikuwa tope jekundu, na watu waliingia ukumbini viatu mkononi.

Siku hiyo nilikaa kati ya watu watatu mbele ya ukumbi uliojaa, nikiwa na kengele ndogo ya altare na saa ya mkononi ambayo padri aliniazima. Katanga ilikuwa imejitenga, risasi zilikuwa zimelia mjini mara mbili, na majirani walikuwa hawasalimiani kama zamani. Mke wangu na watoto walikuwa Pweto kwa wazazi wake. Nyumbani tulibaki mimi na mama yangu, ambaye macho yake yalikuwa yamechoka, haoni vizuri.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Parokia yetu ilikuwa na darasa la kushona la wasichana. Mwalimu wake alikuwa mama mmoja mjane. Wazazi wake walitoka Kasai kwa kazi ya reli, lakini yeye alizaliwa hapa hapa. Vurugu zilipoanza na watu wa Kasai wakafukuzwa, alikimbilia kambi ya wakimbizi nje ya mji, na darasa likafungwa. Sasa watu wa kambi waliambiwa treni zitawapeleka Kasai. Komite ya parokia ikasema: tusikilize kwanza pande zote mbele ya watu, halafu tuamue kama tumwite arudi kufundisha. Akiitwa, angebaki. Asipoitwa, angepanda treni kwenda nchi ambayo hajawahi kuiona.

Padri alinichagua mimi niongoze. Nilimwambia shule yangu ni ndogo. Alijibu, “Ndiyo maana. Hautafanya hotuba.” Nafikiri alijua pia kwamba siku hizo hakukuwa na kundi lililoniita mtu wake.

Kabla ya kuingia niliwakusanya wasemaji sakristia. Wa kwanza alikuwa karani wa reli, ambaye hakutaka mwalimu arudi. Wa pili, mama wa wasichana wawili wa darasa lile, mtu wa Katanga ya kaskazini, ambaye moyo wake ulikuwa haujaamua. Wa tatu, mwalimu mwenyewe, aliyeletwa kwa gari la askari wa kofia za buluu wa Umoja wa Mataifa. Niliwaambia: kila mtu dakika tano za kuanza, kisha maswali, kisha dakika mbili za kumaliza. Kengele moja, bado dakika moja. Kengele mbili, mdomo unafungwa, hata kama neno liko nusu. Zamu tulizipata kwa karatasi ndani ya kofia ya padri, ili mtu asiseme nimempendelea. Wote wakakubali. Karani alikubali akicheka.

Niliwatambulisha kwa maneno yaleyale: kazi yake, miaka yake katika parokia, kwa nini yuko mezani. Karani akaninong'oneza, “Haukusema nilikuwa muwakilishi wa bayimbaji ba kwaya, na premier secrétaire wa cercle, chama chetu.” Nikamwambia, “Baba, nikikuongezea wewe, lazima niwaongezee nao.”

Alianza yeye. Alizungumza vizuri, sitamnyima hilo. Alisema woga wa wazazi ni wa kweli, kwamba askari wa Katanga wakisikia mtu wa Kasai yuko hapa, watoto ndio wataumia. Nilipiga kengele moja. Nilipiga mbili. Akaendelea, Kifaransa juu ya Kiswahili. Nikapiga tena. Akanyanyua mkono kama mtu anayefukuza nzi.

Mama mmoja nyuma akapaza sauti: “Mukubwa, treni yako haina frein ya kuisimamisha?”

Ukumbi ulicheka. Uso wa karani ukabadilika, na niliona kwamba nikimwacha na aibu ile atapigana hadi jioni. Nikasimama. Nikasema: “Baba, ngoja nirudishe neno lako. Unasema usalama wa watoto unapita darasa. Nimelisema vizuri?”

Akasema, “Ndiyo, lakini...”

“Basi watu wamelisikia. Sasa ni zamu ya mama.” Nikamgeuzia mama wa wasichana uso na kifua, nikabaki nimesimama mpaka alipoanza kuongea.

Walipomaliza wote watatu, nikauliza maswali niliyokuwa nimeyapima usiku kucha, na bado sijui kama yalikuwa sawa. Karani nilimuuliza: asipoitwa huyu, nani atawafundisha watoto? Akasema hajui. Mama wa wasichana nilimuuliza anaogopa nini, na anakosa nini. Mwalimu nilimuuliza lililo gumu kuliko yote: mama akikwambia mtoto wake anaweza kufa kwa ajili yako, utamjibu nini?

Watu waliguna. Mwalimu aliniangalia. Alikuwa rafiki wa mke wangu. Alikula kwangu mara nyingi.

“Nitamuambia asimulete,” akasema. “Mara ile nilifundisha siku ya risasi. Nilibaweka batoto chini ya meza, tukaimba. Lakini mama akiogopa, eko na haki. Mimi pia niko naogopa.”

Karani akaingilia: “Unaona? Yeye mwenyewe...”

“Baba, zamu yako itafika,” nikasema. “Neno hili nimekuwekea.” Nilikunja kidole kimoja juu ya meza ili aone kweli limewekwa. Zamu yake ilipofika nilikifungua, naye akalisema, kwa sauti ya chini kuliko nilivyotazamia.

Zikaja dakika mbili za kumaliza. Karani, kengele mbili zilimkata katikati ya neno. Safari hii alifunga mdomo. Mama alimaliza mapema: wasichana wake wamekaa bure nyumbani, alisema, na yeye hajui kushona. Mwalimu karatasi ilimpa zamu ya mwisho.

“Kitu ya mwisho, bandugu. Kuko muntu mumoja hapa mutaa, siku ile nilikimbia, alinipa...”

Kengele mbili. Mkono wangu ulipiga wenyewe.

Akafunga mdomo. Mtu mmoja akanizomea. Nilitamani kumwambia, endelea tu, mama. Sikumwambia.

Komite ilijifungia sakristia. Ilipotoka, padri alisema darasa litafunguliwa na mwalimu ataitwa; mzazi anayetaka ndiye atamleta mtoto. Karani alisimama, nilidhani atapinga. Akasema tu, “Tulikatwa wote sawa,” akachukua kofia yake akaondoka bila kuniaga.

Nilimkuta mwalimu mlangoni, akingoja gari, mvua mbele yake. Nikamwambia, “Mama mwalimu, neno lako nililikata.”

“Heri ulinikata, shemeji. Nilitaka kushukuru bibi yako.”

“Mke wangu?”

“Mashini yake ya kushona. Alinipatia asubuhi ile, nipate kula kule kambi. Hakukuambia?”

Hakuniambia. Niliamini ameipeleka Pweto kwenye lori. Kona ilipokaa mashine niliipita kila siku nikidhani inashona kule, karibu na watoto.

“Ningeitaja pale mbele,” akasema, “bangesema weye, bwana yake, uko upande yangu. Wee, bangetufukuza wote wawili!” Akacheka, gari likaja, akapanda.

Nilirudi peke yangu kwenye tope. Wengine walitembea kwa makundi, wakizungumza yaliyosemwa. Nilipowakaribia walishusha sauti, wale wa upande huu na wale wa upande ule.

Mama yangu alikuwa ameketi kando ya mbabula, jiko letu la makaa, akisikiliza hatua zangu.

“Nani alisema vizuri, mwanangu?”

“Sijui, mama. Nilikuwa naangalia saa.”

Tulikula bukari, ugali wetu, na kipande cha mwisho cha samaki mkavu aliyetumwa na mke wangu kutoka Pweto, na sombe kidogo, majani ya muhogo ya jana. Mama alinisukumia upande wenye nyama. Nikaurudisha, akausukuma tena.