Sisimizi Kwenye Kopo la Chungwa

Mimi huhesabu kila kitu mara mbili. Nikinunua robota la suruali za mitumba, nazihesabu zikiwa zimefungwa kwa kuzipapasa, halafu nazihesabu tena juu ya turubai. Mke wangu anasema hata baraka kanisani nazihesabu mara mbili, kuona kama mchungaji hajapunguza. Kwa hiyo najua aibu ya kitu nilichokunywa kila asubuhi kwa miezi minane bila kukihesabu hata mara moja.

Nilikuwa naelekea miaka arobaini na mitano wakati kiwanda kimoja hapa Likasi kilipotafuta mtu wa magazini, yaani ghalani, wa kupokea mifuko na mapipa na kuyatoa kwa hesabu. Kazi ya mkataba, yenye matibabu kwa mke na watoto. Walinipima kwa maswali, nikapita. Waliniuliza kama naweza kubishana na mleta mizigo. Nikawaambia soko zima la Kikula litanishuhudia. Ilibaki visite médicale, kupimwa afya, peke yake.

Sikuwa na hofu na mwili wangu. Jioni tatu kwa juma nilikuwa naenda salle ya mazoezi, gereji ya nyumba ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi, ambako kocha wetu, mzee aliyekuwa mpiganaji wa mieleka, ametundika vyuma alivyoviunganisha mwenyewe. Yeye ndiye pia anayetuuzia kreatini, ile poda inayosaidia misuli kuvuta tena na tena. Siku ya kwanza aliniwekea makopo mawili mezani. Moja dogo, jeupe, lisilo na ladha, ambalo sisi tunaliita nature. Lingine kubwa kama ndoo ya rangi, ladha ya chungwa.

"Kwa muntu wa kila siku, chukua hii ya kidogo," kocha aliniambia.

"Kocha, minye nibebe hii ya kidogo wakati iko ya kilo nzima hapa?"

Nikabishana naye nusu saa. Alipunguza bei, nikaondoka na ndoo yangu ya chungwa kifua mbele. Kocha alinifuata mpaka mlangoni. "Kijiko kimoja kwa siku, mukubwa. Kimoja." Nikamwambia sawa. Nyumbani nikatia viwili, kwa sababu kopo lilikuwa kubwa.

Hapo lazima nieleze jambo la kwetu. Jumatano sisi wa kanisa tunafunga mpaka saa tisa alasiri. Maji yanaruhusiwa, dawa zinaruhusiwa. Kreatini ni poda, inaingia kwenye maji, inatoka kwa kocha ambaye anaongea kama daktari. Nikaiweka upande wa dawa. Kila Jumatano nilikunywa glasi yangu ya chungwa na kwenda kwenye maombi nikiwa, kwa hesabu yangu, sijatia kitu mdomoni.

Basi asubuhi ya kupimwa nilifanya vilevile. Nilikunywa glasi yangu, nikavaa shati la harusi, nikaenda labo. Mama wa labo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinikamata kidole.

"Papa, ulikula kitu leo?"

"Hapana, mama. Minye niko à jeun, tumbo tupu."

"Hata chai?"

"Hata chai. Na sukari kwenye chai niliacha tangu mwaka jana," nilimwongezea, maana nilitaka sifa.

Akaandika. Sukari yangu ya damu ilitoka mia moja thelathini na nane. Kwenye karatasi yao, mtu aliyefunga hatakiwi kupita mia moja na kumi. Nilimwomba asome tena, akasoma tena, ikabaki ileile. Nilikaribia kumwambia anipunguzie.

"Nitakuandikia urudi Jumatatu, papa. Mara moja haitoshi kusema muntu iko na ugonjwa. Lakini kama Jumatatu iko vile, daktari hawezi kuweka sahihi sasa."

Nilirudi kwa miguu. Marehemu baba yangu alikuwa na sukari. Alianza kwa kiu, akamaliza bila mguu wa kushoto, na sisi watoto tulijifunza kumgeuza kitandani tukiwa bado wadogo. Kazi niliiwaza, ndiyo, lakini zaidi niliwaza mguu. Nilivihesabu vidole vya miguu yangu ndani ya viatu. Kumi. Nikahesabu tena.

Mke wangu aliposikia hakulia. Yeye huwa anasafisha anapoogopa. Alisafisha jiko, akasafisha kabati, akafika kwenye rafu ya ndoo yangu, akasimama.

"Papa, kuya uone."

Sisimizi. Msitari mmoja kutoka dirishani, unashuka ukutani, unazunguka kifuniko cha kopo, na kundi lingine ndani ya glasi ya asubuhi ambayo sikuiosha.

"Wanakuyaka kila siku," alisema. "Minye nilizani weye unajua."

"Hii ni dawa ya misuli."

"Sisimizi haiko na misuli, papa. Inatafuta sukari."

Nikaligeuza kopo nyuma, kitu ambacho kwa suruali sijawahi kukosa kukifanya. Mbele kulikuwa na chungwa na mwanaume asiye na shingo. Nyuma, kwa maandishi ya kutafutiwa mwanga: dozi moja, yaani kijiko chake kimoja, gramu ishirini. Kreatini, tano. Dextrose, kumi na tatu. Zilizobaki asidi ya limau, ladha na rangi.

"Dextrose njo nini?" mke wangu aliuliza.

Nilimpigia kocha. Alicheka kwanza, akajibu baadaye. "Ni sukari, mukubwa. Sukari imebadilisha shati tu."

Mke wangu alichukua sahani na kijiko cha chai, akaleta mfuko wa sukari. Kijiko kimoja kama gramu nne, alisema; gramu kumi na tatu mara mbili, ishirini na sita. Akaanza kumwaga huku akihesabu kwa sauti. Sita na nusu. Lilikuwa rundo la kuaibisha. Safari hii sikuomba ahesabu tena.

"Na Jumatano zote," alisema polepole, "weye ulikuwa unafunga na hii."

"Nilizani ni dawa."

"Mungu alinyamaza kwa sababu yeye hapimi na sindano."

Tulicheka mpaka akakaa chini. Ndipo nikaona jinsi alivyokuwa amechoka. Usiku ule sikumshukuru; nilimshukuru asubuhi, kwa kuosha glasi mwenyewe, naye akajua.

Nilikwenda kwa kocha siku hiyohiyo, nimebeba ndoo ili nimgombeze. Hakugombezeka. Alivuta kopo dogo jeupe lile nililolidharau.

"Hesabu, weye muntu wa hesabu. Hii ni gramu mia tatu, kreatini peke. Gramu tano kwa siku, siku ngapi?"

"Sitini."

"Na ya kilo, vijiko viwili kwa siku?"

Gramu arobaini kwa siku. Ishirini na tano. Nilihesabu mara mbili kwa matumaini. Ndoo yangu ilikuwa inakufa kabla ya mwezi kwisha, na robo tatu yake haikuwa hata kitu nilichokuja kununua. Gramu kumi za kreatini nilizokunywa hazikunizidishia nguvu pia. Kocha alisema mwili ukishajaa, ya ziada inakwenda chooni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Weye ulikuwa unabishana bei."

Kopo la tatu alilitoa chini ya meza, la ladha ya matunda, lisilo na sukari ya kuongezwa. Ndani mwake kuna edulcorant, akasema, kitu kinachoupa ulimi utamu lakini hakipandishi sukari ya damu kama sukari yenyewe. Nilionja kwenye kikombe. Utamu ulikuja haraka ukakataa kuondoka, kama mgeni aliyesikia kuna nyama. Nilitembea mpaka sokoni na kurudi, bado nilikuwa nao mdomoni. Wenzangu kadhaa pale salle wanaipenda na haiwadhuru. Kama bila ladha huwezi kuinywa kila siku, afadhali hiyo kuliko kuacha. Lakini nilijijua. Ulimi wangu ungeanza kudai sukari yake kwenye chai tena. Nikachukua nyeupe.

"Na hiki kijiko cha ndani ya ndoo leta hapa," kocha akasema, akanyoosha mkono. "Ukijaza nature mule, utakunywa dozi ya siku tatu ao ine mara moja, tumbo likufukuze njiani." Alikitupa kwenye dumu la takataka mbele ya macho yangu, kijiko kizima, kizuri. Kiliniuma.

Nyeupe ile siku ya kwanza nilitia kwenye maji baridi, ikakaa chini kama mchanga wa mto Lufira. Nilikoroga, ikazunguka, ikarudi kukaa. Nikamaliza nikitafuna. Mke wangu akanifundisha kuitia kwenye chai ya uvuguvugu isiyo na sukari na kuinywa palepale. Inayeyuka, na ladha ni chai.

Jumatatu niliamka, nikanywa maji matupu, nikaenda. Kabla hajanichoma nilimwambia mama wa labo kila kitu: ndoo, vijiko viwili, Jumatano, sisimizi, na yale makopo mengine mawili ya kocha. Nilijua angeweza kukasirika, maana nilikuwa nimemfanya aandike karatasi ya uongo bila kukusudia. Alivua miwani yake ya uzi.

"Papa, à jeun ni maji. Maji peke. Hata ile ya edulcorant, acha nyumbani. Na hii ya nature, umeinywa leo?"

"Hapana."

"Bon. Nitaandika kwamba unaitumiaka. Inaweza kupandisha kreatinini kwenye kipimo cha figo, daktari akazani figo imeharibika. Akijua, ataisoma vizuri."

Hakulazimika kuniandikia hivyo. Foleni ilikuwa nje mpaka getini. Aliandika msitari mzima, kwa mwandiko unaosomeka, na nadhani msitari ule ndio ulionipa kazi sawa na namba yenyewe.

Namba ilikuwa tisini na moja. Nilimwomba asome tena. Safari hii alicheka, akasoma.

Sasa nina miaka miwili magazini. Kila mwaka narudi labo, na kwa sababu ya baba yangu sisubiri kuitwa. Mleta mizigo akinionyesha mbele ya mfuko, naugeuza nyuma kwanza. Wananichukia kidogo, inanifaa. Ile ndoo ya chungwa nilimrudishia kocha ikiwa nusu, akaikataa, tukabishana, mwishoni akampa jirani yake anayefuga nyuki.

Nyeupe nainywa kila siku kwenye chai. Jumatano nainywa baada ya saa tisa, tukiwa tumetoka kwenye maombi, mke wangu akinimwagia chai mwenyewe. Kopo linakaa kwenye rafu ileile, karibu na dirisha. Sisimizi wakipita, wanalizunguka mara moja na kuendelea na safari yao.