Mharibifu wa Sufuria Tisa

Kazi yake ilikuwa kuharibu chakula. Alilipwa mshahara kwa kazi hiyo, akaifanya miaka kumi na tisa katika chuo cha mapishi, na wanafunzi walimwita Mharibifu, mbele yake na nyuma yake. Hakuchukia. Jina la mtu hutoka kwenye mkono wake, alikuwa akisema, si kwenye cheti cha kuzaliwa.

Mtihani wa mwisho wa chuo ulikuwa hivi: sufuria tisa za mchuzi wa maharage na nyanya, lita nne kila moja, zilipikwa sawasawa asubuhi na mapema. Kisha yeye aliingia jikoni peke yake, akafunga mlango. Tatu alizizidisha chumvi, vijiko viwili vikubwa juu ya kiasi. Tatu alizikamulia ndimu na kuzitia siki. Tatu alizitia pilipili iliyokaangwa kwenye mafuta. Kila sufuria aliyomaliza aligeuza mfuniko wake, kishikio kikatazama chini, ili asirudie. Saa nne watahiniwa waliingia, kila mmoja akapewa yake, na dakika arobaini za kuirudisha iwe chakula cha watu. Kumwaga hakukuruhusiwa. Mharibifu ndiye aliyeiweka sheria hiyo, kwa kuwa jikoni halisi kuna watu wamekaa na sahani zao, na hakuna anayeshiba kwa mchuzi uliomwagwa mtaroni.

Zamani alikuwa akionja kila sufuria baada ya kuiharibu. Aliacha mwaka wa saba au wa nane, hakumbuki vizuri. Mkono ulikuwa umeshajua, na ulimi ulikuwa umechoka. Wanafunzi aliwaambia waonje, waonje tena, wasukutue na maji, watafune kipande cha mkate mkavu, wasubiri, waonje mara ya tatu. Mganga hajigangi.

Mwaka huo miongoni mwa watahiniwa alikuwamo mwanamke mtu mzima, aliyekuwa dobi miaka ishirini kabla ya kuja chuoni. Wenzake walimwita Bibi Dobi na kumtania kwamba mchuzi wake utanukia sabuni. Alishaanguka mtihani huo mara mbili. Chuo kiliruhusu mara tatu, hakuna ya nne. Jiko la hospitali lilikuwa limemwekea nafasi hadi mwisho wa mwezi, kwa sharti la cheti. Mharibifu alijua hayo yote, maana mama huyo aliyasema kwa sauti moja tu, kama mtu anayesoma bei ya kitambaa, na hakuomba kitu.

Sufuria aliyopewa ilikuwa ya chumvi.

Mtihani ulianza. Mkuu wa chuo alikaa kwenye kiti kirefu na fomu zake. Mharibifu alitembea kati ya meza, mikono nyuma. Kijana mmoja mwenye mchuzi mkali alikuwa akimimina maji, na kila alipoonja alitoa machozi, kwa sababu pilipili huishi kwenye mafuta na maji huipita juu juu. Binti wa meza ya pili alikuwa na akili zaidi: aliikwangua ile rangi nyekundu iliyoelea, akatoa maganda ya pilipili, akamimina tui zito kidogo kidogo. Wa ndimu aliongeza sukari kwa ncha ya kijiko, kisha kitunguu alichokikaanga hadi kikalegea na kuwa kitamu. Jirani yake, mwenye pupa, alitia magadi kijiko kizima. Mchuzi uliumuka, ukatoa povu, na sasa ulikuwa na ladha ya kitu cha kuoshea sakafu.

Mwenye chumvi wa meza ya nne alikuwa ametumbukiza viazi vizima na kusubiri.

"Viazi vinakunywa chumvi, mwalimu," alisema.

"Vinakunywa chumvi, au vinakunywa mchuzi?" Mharibifu alimuuliza, akaendelea kutembea. Kijana alivitazama viazi vyake, kisha akaanza kuongeza maji na maharage yasiyotiwa chumvi, kama inavyotakiwa.

Kwenye meza ya mwisho Bibi Dobi hakuwa akipika. Alikuwa amechota mchuzi kidogo kwenye kisosi, ameuacha upoe, maana kitu cha moto sana huunguza ulimi na kuudanganya. Alionja. Alisukutua, akatafuna mkate, akaonja tena. Kisha akamwita.

"Mwalimu, hii si vijiko viwili."

"Ni viwili, mama. Kama vya wenzako."

"Vya wenzangu nimevionja wiki zote za mazoezi. Hii inahitaji sufuria kubwa mara mbili, na hii hapa haina nafasi."

Mharibifu alimwambia kwa upole kwamba kila mtahiniwa huona yake ndiyo mbaya zaidi, akampa kisogo.  Mama alipima mchele, akauosha, akaubandika kwenye sufuria nyingine bila punje ya chumvi. Maharage aliyaongeza maji hadi ukingoni, akakamulia ndimu kidogo, akaacha.

Dakika ya thelathini ndipo mfagizi wa jiko, bibi mmoja mwembamba asiyependa kitu kilichokaa upande, alipopita na tambara lake. Mfuniko wa meza ya tatu ulikuwa umewekwa kichwa chini pembeni. Bila kusimama aliugeuza, kishikio juu, akaupangusa, akapita.

Mharibifu aliuona mkono ule. Alikumbuka kwamba asubuhi, katikati ya kazi, alitoka nje kupokea simu ya mke wake, na mlango haukufungwa. Aliporudi mfuniko wa sufuria moja ya chumvi ulitazama juu. Alichota vijiko viwili, akatia. Hakuonja.

Muda uliisha. Fomu ilitaka alama sabini za sufuria na thelathini za sahani, na kufaulu ni hamsini. Mkuu alichovya kijiko kwenye sufuria ya Bibi Dobi, akakunja uso, akaandika. Kisha mama akamwekea sahani: wali mweupe mwingi, na juu yake upawa mmoja tu wa maharage.

"Huu si mchuzi tena," alisema. "Ni wa kukolezea. Chumvi iko kwenye upawa, wali umeachwa mtupu uipokee."

Mkuu alikula kijiko, akala cha pili. "Sahani ni nzuri," alisema, "lakini sufuria ni sufuria." Kalamu ikasogea kwenye mstari wa jumla.

Mharibifu alisimama na mikono yake nyuma.  Kunyamaza kungekuwa rahisi, na hakuna ambaye angejua.

"Sufuria hii niliitia chumvi mara mbili," alisema. "Yeye aliniambia. Sikuonja."

 Mkuu alichukua kijiko kingine, akaonja mchuzi wa meza ya nne, kisha tena wa Bibi Dobi, akaifuta hesabu yake. Sufuria haikuhesabiwa; sahani peke yake ilipimwa kwa mia, na mama akafaulu. Bibi Dobi alikunja aproni yake pembe kwa pembe, kama shuka ya hospitali, akasema asante kwa wote wawili kwa sauti ileile ya bei ya kitambaa.

Nyumbani mke wake alimuuliza, kama kila siku ya mtihani, leo ameharibu nini. Alimwambia yote, na kwamba Mkuu amemwachia kazi kwa onyo. Mke alicheka kidogo, kisha akaacha.

Muhula uliofuata Mharibifu aliingia jikoni na kisosi na mkate mkavu, akatia komeo kwa ndani. Alionja sufuria zote tisa, mojamoja. Midomo ilimchoma, meno yakafa ganzi kwa siki. Saa saba, chakula cha mchana kilipoletwa, alikula sahani nzima bila ulimi kumwambia ni chakula gani.