Mashine Isiyo na Ndugu

Mkuu wa masomo alikipenda kile kifaa kwa sababu moja tu: hakikuwa na ndugu. Chuoni kwetu Kamembe, mwalimu akimkamata mwanafunzi, maneno yalianza kesho yake. Nani katoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, nani ni mtu wa kilimani, nani anasali na nani. Basi tukanunuliwa programu ya kutambua maandishi ya akili bandia, na mimi, mwalimu wa kompyuta, nikakabidhiwa kuiendesha. Mkuu alisema, "Mashini haina cousin, Maman." Sikumpenda tangu siku hiyo, na sioni haya kulisema.

Mwaka wa kwanza ilifanya kazi. Wavivu walinaswa, wakakiri wenyewe, wakaandika upya. Kisha ikaanza kunyamaza. Kazi zilikuja laini, zote zikapita, huku nikiwaona wanafunzi uani wakiiambia simu iwaandikie. Nikafanya jaribio. Nilichukua maandishi ya akili bandia ya zamani, ya wakati ule tuliponunua, na maandishi ya ile mpya iliyokuwa kwenye simu zao. Ya zamani yalinaswa karibu yote. Mapya yalipita.

Nilimweleza mkuu ofisini kwake. Kifaa hiki kilifundishwa kwa mifano ya mashine za siku zile, kikakariri mazoea yao ya kupanga maneno. Zimetoka nyingine, zina mazoea mengine, na wenye kifaa hawajakifundisha upya. Ni mbwa aliyenusishwa shati la mwizi mmoja, na mwizi yule ameshahama.

Alinisikiliza huku akisoma ujumbe kwenye simu. Halafu akauliza, "Haiwezi kuongezewa ukali?"

Iliweza. Tulikuwa tukimtuhumu mtu kifaa kikisema uwezekano kwamba mashine ndiyo iliyoandika umepita themanini kwa mia. Yeye akaamuru tushuke hadi hamsini. Nilimwambia kwamba mwizi mpya hatanuswa zaidi, ila majirani ndio watakaobwekewa. Akasema nina mdomo. Sikio la kufa halisikii dawa, nikashusha.

Wa kwanza kubwekewa alikuwa mwanafunzi wa uuguzi, mama wa watoto wawili, aliyekuwa akifanya mazoezi hospitalini Mibirizi. Alikulia Bukavu, akasoma kwa Kifaransa, Kiingereza alikipata ukubwani. Alikiandika kwa tahadhari: sentensi fupi, maneno yale yale, hakuna la kushtua. Kifaa kama hiki kinapima, pamoja na mengine, ni kwa kiasi gani neno lijalo linatabirika, na mtu anayeogopa kukosea hutabirika. Tasnifu yake ilipata sitini na kitu. Jirani yake wa dawati, ambaye simu ilimwandikia hata shukrani kwa wazazi, alipata sita.

Angeitwa mdanganyifu, angefukuzwa, na nafasi ya kazi aliyoahidiwa hospitalini ingempita. Kamati ikakaa: mkuu, walimu wawili, na mimi.

"Nilijiandikiaka miye mwenyewe, Papa," alisema.

"Boote banasemaka vile," mkuu akamjibu.

Nilisema aandike pale pale, mbele yetu. Mkuu akakubali haraka, akiamini atakwama. Tukampa kalamu na karatasi, na mada kutoka tasnifu yake: jinsi ya kumwelekeza mama aliyejifungua kwa upasuaji anyonyeshe. Simu yake ilikuwa mezani, mbele ya mkuu, imezimwa. Aliandika kurasa mbili pasipo kuinua kichwa. Niliziingiza kwenye kompyuta neno kwa neno, hata makosa sikuyagusa, nikakigeuza kioo cha kompyuta kuwaelekea.

Sabini na moja. Kwa mujibu wa kifaa, zile kurasa ziliandikwa na mashine.

"Rudia," mkuu akasema.

Nikarudia. Sabini na moja.

Walimu wawili waliangalia meza. Nilimtazama mkuu nikingoja aone haya, na niseme kweli, nilifurahi. Alivuta karatasi, akaigeuza, akaukagua mwandiko wa kalamu kana kwamba ulikuwa na waya nyuma yake.

"Pengine mashini imeona kitu sisi hatuoni," akasema.

Yule mama alisimama. Hakupaza sauti.

"Papa, niko hapa mbele yenu, mumeniona na macho. Sasa muniambie: miye niko muntu, ao hapana?"

 Akachukua simu yake mezani, akatoka.

Mwishowe kamati ilimruhusu kutetea tasnifu yake. Alifaulu, na yuko Mibirizi wodini hadi leo. Mkuu aliniagiza nirudishe kiwango kwenye themanini, na kifaa kikanyamaza tena. Kwenye kikao cha mwisho wa mwaka aliwatangazia walimu wote kwamba udanganyifu umekwisha chuoni, kwa maana mashine haimkamati mtu tena.

Wakapiga makofi.