Kijiko kwa Kijiko

Mama mmoja wa jamii ya wafugaji aliletwa wodini kwetu kutoka Nyakatuntu akiwa mifupa mitupu. Vidonda vya koo vilikuwa vimemzuia kula kwa wiki kadhaa. Koo lilipoanza kupona, binti yake alikuja na sufuria ya ndizi na maziwa tele.

“Shikamoo, nesi. Leo mama ale ashibe.”

“Marahaba, mwanangu. Subiri kwanza.”

Daktari alikuwa amepima damu na kukuta madini ya potasiamu na fosfeti yako chini. Alimweleza binti taratibu: “Mwili uliokaa na njaa ukipata chakula kingi ghafla, madini haya hutoka kwenye damu na kuingia ndani ya seli. Moyo unaweza kusimama.”

Binti akaiweka sufuria chini.

Tulimpa mama vitamini B1 kabla ya chakula, tukamwongezea madini kwa dripu, kisha nikamnywesha maziwa ya lishe vijiko vichache. Kila siku tulipima damu, tukafuatilia moyo, ndipo tukaongeza kidogo.

Asubuhi moja alishika kikombe mwenyewe, akanywa. Nilisimama pale nikimtazama, nimestaajabu jinsi mwili unavyorudi polepole kwenye uhai.